Tani Hamsini na Sita na Nusu

Kwenye maghala ya nafaka watu hawaogopi mahindi yakizidi. Wanaogopa yakipungua. Yakipungua utasikia kelele: ufunguo ulikuwa kwa nani, lori la nani lilitoka bila kupimwa, mlinzi alikuwa wapi. Yakizidi, jamani, kila mtu anacheka na kwenda kunywa chai, wala hakuna atakayeuliza yametoka wapi. Na huyu mama ninayemsimulia hapa, pamoja na ujuzi wake wote, siku hiyo naye alicheka.

Walimwita Bi Futi. Jina lilitokana na utepe wake wa kupimia, wenye kipande kizito cha shaba mwishoni, ambao aliutundika begani tangu anaingia kazini hadi anatoka. Kazi yake ilikuwa kupanda silo, kufungua mlango mdogo wa paani, kuteremsha ile shaba mpaka iguse mahindi, kusoma utepe, kutoa hiyo kwenye urefu wa silo apate kimo cha mahindi, kushuka, kisha kusema humo ndani mna tani ngapi. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye magoti mabovu na ulimi usio na breki. Ukimkuta anapanda ngazi alikuwa anaitukana kidato kimoja baada ya kingine, na akifika juu anaisamehe.

Aliyefanya kazi chini yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Alimpokea nyumbani akiwa bado mdogo, mama mkwe alipofariki. Alimlisha, akamsomesha, akamtafutia mke, na mwisho akamtafutia kazi hapo hapo ghalani, kusafisha silo na kusawazisha mahindi kwa reki. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini utani wao haukukua hata kidogo. Walimwita Kima kwa jinsi alivyopanda ngazi. Yeye naye hakuacha kumuuliza Bi Futi kama magoti yake yameomba likizo.

"Silo usiiogope," Bi Futi alimwambia wiki ile alipoanza kazi. "Silo ni kopo tu. Kopo kubwa. Upana wake ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, ni mita kumi. Chukua nusu yake, tano. Tano mara tano?"

"Ishirini na tano."

"Zidisha kwa tatu nukta moja nne. Unapata sabini na nane na nusu. Huo ndio ukubwa wa sakafu. Basi mahindi yakipanda mita moja, umeongeza mita za ujazo sabini na nane na nusu. Sasa mita moja ya ujazo ya mahindi yetu ina uzito wa kilo mia saba na ishirini. Kwa hiyo kila mita ya urefu ni tani hamsini na sita na nusu. Ukijua hapo, kilichobaki ni kusoma utepe."

"Na hizo mia saba na ishirini umezitoa wapi?"

Swali hilo lilikuwa limegusa kidonda. Msimu mmoja kabla ya hapo aliitumia mia saba na ishirini kwa mazoea, bila kupima. Kumbe mahindi yale yalikuwa yametobolewa na wadudu, mepesi, mia sita na themanini tu. Kwa utepe kimo kilikuwa mita kumi na mbili, akasema tani mia sita sabini na nane. Silo ilipomalizwa kutolewa, mizani ya malori ikasema mia sita na arobaini na kidogo. Tani thelathini na saba hazikuonekana. Hakuna aliyeziiba, hazikuwahi kuwamo, lakini nenda kawaeleze watu. Alichunguzwa, mfuko wake wa chakula ukapekuliwa langoni, na wanawake waliokuwa wakimsalimia kwa furaha wakaanza kumsalimia kwa mdomo tu. Aliachwa aendelee na kazi, lakini jina lake halikusafishwa. Tangu hapo akawa anajaza kopo la lita moja na kulipima kwenye mzani mdogo kila shehena inapoingia, na usiku mwingine alilala akiwaza siku ambayo hesabu yake itatoka safi mbele za watu wote.

Siku hiyo ikaja, au yeye alidhani imekuja.

Silo ya pili ilijazwa kabla ya mvua. Kima aliingia akasawazisha juu kwa reki, Bi Futi akapima: mita kumi na mbili, gramu mia saba na ishirini kwa lita, tani mia sita sabini na nane. Mvua zikanyesha, zikaisha. Asubuhi ya utoaji yalipakiwa malori mawili, moja tani ishirini na nane nukta tatu, la pili ishirini na nane nukta mbili. Mota inayovuta mahindi kupitia tundu la katikati ya sakafu ikazimwa kusubiri lori la tatu. Bi Futi akapanda kupima kilichobaki.

Alifungua mlango wa paani, akachungulia. Ndani kulikuwa na giza, na mahindi yalilala sawasawa, tambarare kama yalivyoachwa na reki. Akateremsha shaba karibu na ukuta, kama kawaida, kwa kuwa mlango ule uko ukingoni mwa paa. Ikagusa. Akasoma, akatoa kwenye urefu wa silo. Mita kumi na mbili.

Akavuta, akateremsha tena. Kumi na mbili.

Wewe na mimi tungejikuna kichwa. Yeye moyo ulimruka kwa furaha. Malori mawili yameondoka na bado yamo mia sita sabini na nane? Basi mahindi yamezidi! Palepale akili ikamletea sababu, maana akili ikitaka kitu haikosi sababu: mahindi ya chini yanagandamizwa na ya juu, yanashikana, kwa hiyo silo hubeba zaidi kidogo kuliko kopo la lita linavyosema. Na hilo ni kweli, hutokea. Ila hutokea kwa kiasi kidogo.

Alishuka akiimba. Kima alikuwa amekaa kwenye kivuli cha silo, anakula.

"Shemeji, magoti yamepona?"

"Nyamaza wewe, nyanyuka. Nataka upime katikati. Ingia na ile fimbo ndefu, upime kutoka kileleni mwa paa hadi kwenye mahindi. Nikisema ziada, asitokee mtu wa kusema nimepima pembeni tu."

"Ziada!" Kima alipiga mluzi. "Basi leo utanijengea nyumba."

"Nitakujengea banda la kuku. Nenda."

"Si unakuja kushika kamba?"

Utaratibu ulikuwa huo. Mtu haingii silo peke yake. Anavaa mkanda, kamba inafungwa kwenye nondo ya mlangoni, mtu wa pili anasimama hapo juu, na fundi wa mota anaambiwa asiguse kitu. Bi Futi ndiye aliyewafundisha wote. Lakini simu ya meneja ilikuwa inaita kibandani, na maneno matamu yalikuwa yanamwasha mdomoni.

"Tangulia," alimwambia. "Mimi nakuja."

Kibanda chao kilikuwa chumba kimoja cha bati chenye meza, mzani wa kopo, na dirisha linalotazama silo. Kima alikuwa ameacha simu yake mezani, kwa sababu simu haziruhusiwi ndani kwenye vumbi la nafaka. Bi Futi akapokea ya kwake huku amesimama.

"Meneja, shikamoo ya furaha leo!"

"Marahaba. Kuna nini, mbona unacheka?"

"Mahindi yamezidi."

"Acha utani!"

"Nimepima mara mbili. Kumi na mbili vilevile. Kwenye hesabu tulitakiwa kubaki na mia sita ishirini na moja na nusu. Utepe unasema mia sita sabini na nane."

Meneja alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu mwema, na mwaka ule wa upungufu alikuwa ameumia naye kimyakimya. "Mama, Mungu amekulipa. Ziada ni kiasi gani hasa? Nataka nipeleke ujumbe juu sasa hivi."

"Tani hamsini na sita na nusu."

"Na malori mawili yamebeba ngapi?"

"Ishirini na nane nukta tatu, na ishirini na nane nukta mbili. Jumla ni..."

Alikwama. Mdomo ulikuwa wazi na jumla ilikuwa ulimini, lakini haikutoka.

"Jumla ngapi, mama? Halo?"

"Hamsini na sita na nusu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Ziada ya kweli haijali malori yamebeba nini. Ingekuwa tani kumi, au ishirini, au tatu. Hii ilikuwa sawa na malori, kilo kwa kilo. Mita moja kamili. Maana yake haikuwa kwamba mahindi yamezidi. Maana yake ni kwamba mahindi yametoka chini na juu hapakushuka hata kidole. Na kama juu hapakushuka, basi kilichopo juu hakijakaa juu ya mahindi. Kimening'inia.

Mvua! Paa limevuja, mahindi ya juu yamelowa, yameota ukungu na kushikana, yamefanya ukoko kama wa sufuria ya ugali. Chini ya ukoko ni tupu. Na utupu wenyewe si wa mita moja. Mahindi yakivutwa kwa chini katikati, hayashuki yote kwa pamoja, yanashuka katikati kwanza na kuacha shimo la umbo la faneli. Faneli inabeba theluthi tu ya kopo lenye mdomo na kina kilekile. Kwa hiyo tani zilezile ambazo kwenye kopo ni mita moja, kwenye faneli ni mita tatu. Mita tatu za kina, katikati kabisa, pale pale alipomwambia shemeji yake akasimame.

Na pale pale mota ya silo ya pili ikanguruma.

Lori la tatu lilikuwa limefika. Fundi wa mota, waliyemwita Gia, hakuambiwa kitu, kwa hiyo alikuwa anafanya kazi yake.

Bi Futi aliitupa simu. Alikimbia. Magoti yake, yale yaliyokuwa yakilalamika kwenye vizingiti vya milango, hayakusema neno. Alipita mbele ya lori dereva akapiga honi, akamsukuma Gia kwa bega na kukipiga kile kitufe chekundu kwa kiganja chote. Mota ikanyamaza, mahindi yakaacha kumwagika.

"We mama! Una wazimu?" Gia alifoka.

"Kima yuko ndani."

Gia aliondoa mkono haraka kwenye swichi.

"Usiwashe. Hata mfalme aje akuambie, usiwashe. Ng'oa fyuzi, utie mfukoni, unifuate juu. Usipige kelele."

Alishika ngazi. Urefu wake ulikuwa wa ghorofa nne au tano, na safari hii hakuitukana. Alipanda huku akisema peke yake, usisimame katikati, usisimame katikati, we mjinga, simama pembeni ufunge kamba ya kiatu, simama pembeni ujikune. Kisha akakumbuka kwamba mjinga si yule aliye ndani, akazidi kupanda. Kifua kilikuwa kinawaka. Alitaka kumwita na hakuthubutu, maana Kima akiitwa hurukaruka.

Alipofika mlangoni aliona kamba kwanza. Ilifungwa vizuri kwenye nondo, fundo zuri, alilomfundisha mwenyewe. Lakini ilikuwa imelegezwa yote, mita nyingi zimelala juu ya mahindi, ili imfikishe katikati. Kamba ndefu namna ile haimshiki mtu. Ingekaza akiwa tayari amefunikwa.

Kima alikuwa amesimama hatua chache kutoka katikati, fimbo mkononi.

"Shemeji," Bi Futi alisema. Alijitahidi sauti itoke kama ya kumwita mtu mezani.

"Naam! Umefika? Nilidhani magoti yameandamana. Hebu sikia hapa panavyolia." Akainua fimbo agonge.

"Usigonge!"

Fimbo ikabaki hewani.

"Usigonge, usisogee, usicheke. Nisikilize. Chini yako hakuna mahindi."

"Nimesimama kwenye mahindi, shemeji."

"Umesimama kwenye ukoko. Malori mawili yametoka na juu hapakushuka. Hamsini na sita na nusu, zote zimetoka chini yako. Ziada hakuna."

Kima alimtazama, akatazama miguu yake. Bi Futi aliona uso wake ukibadilika, ukawa ule uso wa mtoto aliyeletwa nyumbani kwake na begi moja, na hapo kidogo apige yowe.

"Ndiyo maana palilia kama ngoma," Kima alinong'ona. "Nimegonga mara tatu."

"Hutagonga tena. Laza fimbo mbele yako, taratibu. Sasa piga magoti. Taratibu, baba. Lala kifudifudi juu ya fimbo, tanua mikono na miguu."

"Naogopa."

"Najua. Mimi pia naogopa. Lala."

Akalala. Kitu kilinguruma chini, kidogo, kama tumbo lenye njaa, na mahindi kadhaa yakateleza kusikoonekana. Wote wawili walisikia.

"Sasa njoo kwangu kwa tumbo. Katikati ndipo kina kirefu. Kadiri unavyokaribia ukuta, shimo linapungua. Ukifika ukutani mahindi yameshika. Umenielewa? Kila unaposogea, hatari inapungua."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Nasema hivyo kwa hesabu. Sogea!"

Akaanza kutambaa. Bi Futi akavuta kamba iliyolegea, akaizungusha kwenye nondo, akavuta tena na kuizungusha tena, asimwachie hata kipande kisicho na kazi. Nyuma yake alisikia pumzi za Gia aliyekuwa amefika. Hakugeuka. Gia alipitisha mikono kiunoni kwake na kushika mkia wa kamba.

Kima alikuwa amebakiza urefu wa mtu mmoja aliyelala kufika ukutani ukoko ulipokatika.

Haukuvunjika kwa kishindo. Ulipasuka katikati, ukashuka kwanza polepole, halafu wote kwa pamoja, na vumbi likapanda usoni mwa Bi Futi likamziba macho na koo. Kamba ilikaza kwa nguvu, ikamburura mpaka tumbo lake likagonga nondo. Alipiga yowe, alilolibana muda wote ule, akaendelea kuvuta huku haoni kitu. Gia alikuwa anavuta na kusali kwa sauti.

"Shemeji!"

Alivuta tena.

"Shemeji! Wewe! Nijibu, mwana wa watu, nijibu!"

Kikohozi. Kisha sauti, karibu kuliko alivyotegemea, chini kidogo tu ya mlango: "Nimeshika ngazi."

Vumbi liliposhuka walimwona. Alikuwa amekumbatia ngazi ya ndani kwa mikono yote miwili, mahindi yamemfika magotini tu, kwa sababu pale karibu na ukuta hapakuwa na shimo la kutosha kummeza. Nyuma yake, palipokuwa tambarare muda mfupi uliopita, palikuwa na faneli kubwa, na vipande vyeusi vya ukoko, vingine vikubwa kama meza, vilikuwa bado vinateremka na kuzikwa huko katikati. Fimbo haikuonekana. Walimchomoa mguu mmoja, kisha mwingine, kiatu kikabaki.

Meneja aliwakuta chini. Alikuwa ameendesha gari kutoka ofisini baada ya simu kukatika, na alikuta mpima wake ameketi kwenye udongo, kamshika Kima mkono kama mtu anayeogopa atapokonywa, wote wameota mvi za vumbi. Gia akamweleza yote, fyuzi ikiwa bado mkononi mwake.

"Nani alimruhusu aingie?" meneja aliuliza. Hakufoka, lakini alitaka jibu. "Bila mtu mlangoni? Bila kumwambia fundi?"

"Niliingia mwenyewe," Kima alisema haraka. "Kiherehere changu tu, meneja. Shemeji hakujua. Alikuwa kibandani."

Alisema vizuri mno, bila kupepesa, na angeaminika. Meneja alikuwa tayari anatikisa kichwa. Bi Futi alimtazama shemeji yake, mguu mmoja hauna kiatu, midomo myeupe, na tayari anamkingia kifua.

"Anadanganya," alisema. "Nilimtuma mimi. Nilimwambia atangulie, nikaenda kukupigia wewe stori. Niliona juu hapajashuka, nikaona ziada, kwa sababu nilikuwa naitaka ziada."

"Shemeji, nyamaza," Kima alimnong'oneza.

"Sinyamazi. Andika, meneja. Mahindi yaliyobaki ni tani mia sita ishirini na moja na nusu, na humo yameharibika kiasi ambacho hatujakijua. Na mtu aliyekaribia kumuua huyu ni mimi."

Meneja hakuandika kitu. Alivua koti lake, akachuchumaa na kumfunika Kima mabegani. Bi Futi ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, mbele ya dereva wa lori na wapakiaji wote waliokuwa wamejaa pale, na Kima akabaki anamfuta vumbi usoni kwa kiganja kilichojaa vumbi vilevile.